Ankara za wateja ambazo hazijalipwa: ziingizwe moja moja kwenye programu au kama jumla ya kila mteja?

Karani wa Msamvu — 13 Januari 2024, saa 3:12 asubuhi

Salaam wakuu. Ninatunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, na tangu tarehe 1 Januari tumeacha madaftari na kuanza kutumia QuickBooks ya kwenye kompyuta, siyo ile ya mtandaoni. Leja yetu ya wadaiwa ilifungwa tarehe 31 Desemba 2023 ikiwa na shilingi 48,255,000. Kwenye faili la ankara ambazo hazijalipwa nimekuta ankara 37 za wateja 19, na jumla yake ni shilingi 46,975,000.

Nilianza kuziingiza ankara hizo kama ninavyoingiza mauzo ya kila siku, yaani bidhaa, idadi, bei na VAT, nikaziandikia zote tarehe 1 Januari na kuiacha programu izipe namba zake yenyewe. Nilipofika ya 11 nikasimama, kwa sababu ghala la saruji lilianza kusoma mifuko 164 chini ya sifuri ilhali stoo imejaa. Aidha, ripoti ya mauzo ya tarehe 1 hadi 12 Januari inaonesha shilingi 24,400,000 kabla ya kodi, wakati ripoti za Z za mashine ya EFD kwa siku hizo hizo zinanipa 9,400,000 tu.

Ninaomba kujua mambo mawili: je, niendelee na ankara moja moja au niweke jumla ya kila mteja, na ile tofauti ya 1,280,000 kati ya leja na faili niifanyeje?

Mzee Daftari — 13 Januari, saa 3:40 asubuhi

Mwanangu, unajipa kazi isiyo na sababu. Fungua kila mteja, andika salio lake la tarehe 31 Desemba kwa mstari mmoja, basi. Wadaiwa ni wale wale na jumla ni ile ile, iwe umeandika mistari 19 au 37. Nimehamisha salio kutoka daftari hadi daftari kwa zaidi ya miaka 30, na sikuwahi kunakili ankara za zamani kwenye daftari jipya.

Bi Leja — 13 Januari, saa 4:25 asubuhi

Karani, nitaanza na zile 11, kwa sababu ndizo zinazokuharibia hesabu sasa hivi. Mauzo ya ankara hizo yalikwisha kuhesabiwa mwaka 2023, VAT yake ilikwisha kuingia kwenye ritani za miezi yake, na mifuko ile ya saruji ilitoka stoo siku ilipouzwa. Ulipoziingiza kama mauzo, programu ilirudia yote matatu: ikaongeza mapato ya Januari, ikaongeza kodi ya Januari na ikatoa mzigo stoo mara ya pili. Ukitoa 9,400,000 kwenye 24,400,000 unabaki na 15,000,000, na nina hakika ukizijumlisha ankara zako 11 bila kodi utaipata hiyo hiyo.

Ankara ya zamani unapoileta kwenye vitabu vipya huleti mauzo, unaleta deni peke yake. Tengeneza kwenye orodha ya bidhaa kitu kimoja kisicho na stoo, kiite «Salio la kuanzia», ukiunganishe na akaunti inayoitwa `Opening Balance Equity`, na usikiwekee kodi. Kila ankara ya zamani itumie kitu hicho tu, kwa kiasi kilichobaki pamoja na VAT iliyomo ndani yake, na iandikwe namba yake ya asili iliyo kwenye karatasi ya mteja.

Kwa heshima zote kwa Mzee Daftari, jumla ni ile ile kweli, lakini mteja halipi jumla, analipa ankara.

Kijana wa Keko — 13 Januari, saa 4:51 asubuhi

Samahani Bi Leja, hapo kwenye kodi sikubaliani nawe. Mteja hajalipa bado, na siku atakapolipa fedha hizo zitakuwa na VAT ndani yake. Usipoiweka kodi kwenye ankara, serikali itaipataje asilimia 18 yake?

Bi Leja — 13 Januari, saa 5:08 asubuhi

Kijana, kwa duka kama hili kodi haingoji mteja alipe. Ankara na risiti ya EFD zikishatoka, VAT ni ya mwezi huo. Ankara ya Agosti ilitangazwa kwenye ritani ya Agosti, na zile za Desemba zitakuwa kwenye ritani inayowasilishwa kufikia tarehe 20 mwezi huu. Kwa ankara 11 za Karani kodi iliyorudiwa ni asilimia 18 ya 15,000,000, yaani 2,700,000, na asingesimama mapema angeitangaza tena mwezi Februari.

Chuma na Bati — 13 Januari, saa 5:30 asubuhi

Mimi pia ninahama mwezi huu. Ninadaiwa na viwanda viwili vya mabati na msambazaji mmoja wa rangi. Je, nao niwaingize kwa kitu hicho cha «Salio la kuanzia»? Na wakinitumia barua ya madai kabla sijamaliza?

Msimikaji Arusha — 13 Januari, saa 5:47 asubuhi

Ndugu Chuma, wewe unazungumzia wadai, watu unaopaswa kuwalipa. Uzi huu ni wa wadaiwa, wanaopaswa kutulipa sisi. Njia inafanana, ila upande wako zitakuwa bili za wasambazaji. Ukifungua uzi wako tutakuja.

Kwa Karani: mimi ninasimika Tally, na kule jambo hili ni jepesi. Ukifungua leja ya mteja chini ya `Sundry Debtors` na kuweka `Yes` kwenye `Maintain balances bill-by-bill`, ukiandika salio lake la kuanzia programu inakufungulia mahali pa kuligawa kwa ankara, kila moja na tarehe yake, namba yake na siku za mkopo, hata kama tarehe ni ya kabla ya vitabu kuanza. Hakuna ankara ya bandia, na wala mauzo hayaguswi. Vitabu visipolingana, urari unakuonesha mstari wa `Difference in opening balances` hadi uirekebishe.

Kwa QuickBooks yako nikuonye jambo moja. Ukifuata ushauri wa Mzee Daftari na kuandika salio kwenye kisanduku cha `Opening Balance` unapomfungua mteja, toleo la kompyuta hupeleka upande wa pili kwenye `Uncategorized Income`. Utakuwa umekimbia mauzo kwa mlango wa mbele ukayakaribisha kwa mlango wa nyuma, kwa sababu akaunti hiyo ni ya mapato.

Mzee Daftari — 13 Januari, saa 6:15 mchana

Hilo la mapato sikulijua, nimelipokea. Basi afanye jonali moja: adebiti wadaiwa wote, akrediti mtaji. Jonali haina mlango wa nyuma.

Msimikaji Arusha — 13 Januari, saa 6:22 mchana

Mzee wangu, kwa QuickBooks hiyo jonali yenye mistari 19 ya wadaiwa itakataliwa. Toleo la kompyuta linakubali mstari mmoja tu wa akaunti ya wadaiwa au ya wadai katika jonali moja, na mstari huo unataka jina la mteja. Atalazimika kuandika jonali 19, na bado hatakuwa na namba hata moja ya ankara ndani yake.

Dada wa Igogo — 13 Januari, saa 7:05 mchana

Mimi niko Mwanza, ninauza vipuri vya pikipiki kwa jumla, na niliifuata njia ya Mzee mwaka 2021, kwa hiyo ninaisema kwa maumivu. Niliweka salio moja kwa kila mteja, tarehe moja. Mwezi wa tatu mteja mmoja alileta shilingi 1,200,000 akisema analipa ankara namba 0413. Kwenye programu hapakuwa na 0413. Palikuwa na «salio» la zaidi ya milioni 4. Nikaipunguza kwenye salio. Mwezi wa sita akakataa kulipa kiasi kilichobaki, akidai kwamba ankara mbili kati ya zile hakuwahi kupokea mzigo wake. Nilirudi kwenye makaratasi yaliyokuwa yamefungwa kwenye maboksi, na kufikia hapo sikuweza tena kujua ni malipo gani yalifuta ankara gani.

Ubaya wa pili ni ripoti ya umri wa madeni. Madeni yangu yote yalisomeka kana kwamba yalizaliwa tarehe 1 Januari, lile la wiki moja na lile la miezi kumi pamoja. Nilikuwa ninawapigia simu watu wasio na kosa na kuwaacha waliochelewa kweli.

Karani wa Msamvu — 13 Januari, saa 8:30 mchana

Nashukuru sana. Bi Leja, nimezijumlisha: ankara 11 ni shilingi 17,700,000 pamoja na kodi, yaani 15,000,000 na 2,700,000 kama ulivyosema. Dada wa Igogo, hata mimi wateja wote 11 wanaonekana hawajafikisha siku 30, ingawa mmoja anadaiwa tangu Agosti, na juzi fundi mmoja alirudisha taarifa ya deni akisema haitambui namba ya ankara.

Sasa, wateja wawili kati ya hao wamekwisha kulipa wiki hii na nimeyaingiza malipo yao. Nikizifuta ankara hizo malipo yatakwenda wapi? Na nyingine zimelipwa nusu: kuna moja ya 3,540,000 ambayo mteja alitanguliza 1,500,000 mwezi Novemba.

Bi Leja — 13 Januari, saa 9:10 alasiri

Malipo yaachanishe kwanza na ankara, yabaki kama fedha ya mteja isiyopangiwa deni. Usiyafute, kwa sababu hiyo ni fedha halisi iliyoingia benki Januari. Kisha futa ankara zote 11, angalia kwamba saruji imerudi kwenye idadi uliyohesabu tarehe 31 Desemba, ukishatoa iliyouzwa na kuongeza iliyoingia Januari, ndipo uziingize upya kwa njia niliyoeleza na kuyapanga malipo yale juu ya ankara mpya.

Ile ya 3,540,000 mimi ningeiingiza kwa 2,040,000, namba yake ile ile, na kwenye maelezo niandike kwamba jumla ya awali ilikuwa kiasi fulani na kilicholipwa 2023 ni kiasi fulani.

Dada wa Igogo — 13 Januari, saa 9:32 alasiri

Hapo mimi ninatofautiana nawe, dada. Mteja ana karatasi ya 3,540,000 mkononi. Ukimtumia taarifa inayosema ankara hiyo ni 2,040,000 atakuuliza ni ankara ipi. Mimi siku hizi ninaiingiza nzima, halafu ninaingiza malipo ya zamani ya 1,500,000 yakielekezwa kwenye `Opening Balance Equity` badala ya benki. Deni linabaki 2,040,000 na historia inaonekana.

Bi Leja — 13 Januari, saa 9:45 alasiri

Inawezekana, na matokeo kwenye vitabu ni yale yale. Hofu yangu ni yule atakayesahau na kuyaelekeza malipo benki, akajikuta na 1,500,000 isiyokuwemo kwenye taarifa ya benki. Kwa ankara mbili tatu njia yako ni nzuri. Kwa ankara nyingi zilizolipwa nusu nusu ninaiogopa.

Mpwa wa Nakuru — 13 Januari, saa 10:20 jioni

Hamjambo wa huko. Karani, je, hiyo programu yenu imeunganishwa na mashine ya kodi? Sisi huku Kenya tuliiunganisha na eTIMS kwanza, kisha tukaanza kuingiza ankara za zamani. Kila tuliyoihifadhi ilitumwa kama mauzo mapya na kupewa namba ya kodi, asilimia 16 ikahesabiwa tena. Tuligundua zilipofika tisa, tukalazimika kutoa krediti noti tisa na kuweka maelezo ya kila moja. Kama mna mpango wa kuunganisha, malizeni salio la kuanzia kwanza.

Karani wa Msamvu — 13 Januari, saa 10:41 jioni

Asante ndugu. Bado tunatumia mashine ya EFD iliyo peke yake, haijaunganishwa. Bosi alitaka VFD mwezi ujao, nitamwomba asubiri.

Sasa ninaomba mnisaidie ile 1,280,000. Leja iko juu kuliko faili.

Mzee Daftari — 13 Januari, saa 11:15 jioni

Hapo ndipo nyumbani kwangu. Leja ikiwa juu ya faili, ama kuna ankara iliyotoka kwenye faili bila kulipwa yote, ama kuna kitu kilichopunguza deni na hakikuandikwa kwenye leja. Mnauzia halmashauri?

Karani wa Msamvu — 13 Januari, saa 11:28 jioni

Ndiyo mzee, tuliiuzia halmashauri moja mara mbili mwaka jana, ankara ya 5,900,000 na ya 8,260,000. Zote zimelipwa na zimetolewa kwenye faili.

Mzee Daftari — 13 Januari, saa 11:50 jioni

Zimelipwa pungufu. Serikali ikinunua bidhaa hukata kodi ya zuio ya asilimia 2. Bila VAT ankara zako ni 5,000,000 na 7,000,000; asilimia 2 ni 100,000 na 140,000. Karani aliyekutangulia aliandika kwenye leja fedha iliyofika benki tu, kwa hiyo 240,000 inasomeka kama deni ambalo hakuna mtu atakayelilipa. Tafuta vyeti vya zuio.

Msimikaji Arusha — 13 Januari, saa 12:05 jioni

Mzee, nimevua kofia.

Karani wa Msamvu — 15 Januari, saa 4:02 asubuhi

Vyeti vyote viwili vipo, vimebanwa kwenye faili la benki. Nimepata pia krediti noti ya Desemba: mteja alirudisha saruji ya 590,000 pamoja na kodi, ankara yake ikasahihishwa kwenye faili lakini leja haikuguswa. 240,000 na 590,000 ni 830,000. Imebaki 450,000 na sioni chochote.

Bi Leja — 15 Januari, saa 4:40 asubuhi

Vizuri sana. Hizo mbili zisahihishe kwenye vitabu vya zamani kwa tarehe 31 Desemba, kabla ya kuhamisha chochote. 240,000 itoke kwa wadaiwa iende kwenye akaunti ya kodi ya zuio ya kudai, kwa kuwa ni mali yenu mtakapokokotoa kodi ya mapato. Ya krediti noti, 500,000 ipunguze mauzo ya 2023 na 90,000 ipunguze VAT. Ritani ya Desemba bado hamjaiwasilisha, basi hakikisheni krediti noti hiyo imo. Saruji yenyewe mlikwisha kuihesabu stoo, hivyo idadi yake usiiongeze tena. Leja yenu sasa ni 47,425,000.

Ile 450,000 inagawanyika kwa 9 bila baki. Mara nyingi hiyo ni dalili ya tarakimu zilizogeuzwa. Tafuta malipo yaliyoandikwa, kwa mfano, 160,000 badala ya 610,000.

Dada wa Igogo — 15 Januari, saa 5:13 asubuhi

Au ni ankara ya 450,000 iliyopotea kwenye faili, na mteja anangoja kwa furaha tusahau. Namba za ankara zimefuatana? Pitia kitabu cha nakala uone kama kuna namba isiyo kwenye faili na isiyo kwenye orodha ya waliolipa.

Kijana wa Keko — 15 Januari, saa 5:20 asubuhi

Au mteja alilipa taslimu dukani, karatasi ikatolewa kwenye faili, na fedha haikufika kwenye kitabu cha fedha. Sisemi mtu fulani, ila kwetu iliwahi kuwa hivyo.

Mzee Daftari — 15 Januari, saa 5:44 asubuhi

450,000 inagawanyika kwa 9, lakini inagawanyika kwa 2 pia. Malipo ya 225,000 yaliyoandikwa upande usio wake nayo yanazaa 450,000. Tazama hilo kabla ya kumshuku mtu.

Karani wa Msamvu — 15 Januari, saa 7:30 mchana

Namba za ankara zimefuatana hadi Septemba. Kitabu cha nakala cha Oktoba hakionekani. Ninaendelea kutafuta. Wakati huo huo bosi anataka programu ianze kazi. Nimwekee mteja yeyote hiyo 450,000?

Bi Leja — 15 Januari, saa 8:06 mchana

Usimwekee mtu deni usilo na karatasi yake. Ingiza ankara 37 za 46,975,000. Kisha andika jonali ya salio nyingine zote kutoka kwenye mizania iliyosahihishwa, yaani benki, stoo, wadai, kodi na mtaji, bila mstari wa wadaiwa, na kinachohitajika ili ilingane kiende `Opening Balance Equity`. Ankara zimekrediti akaunti hiyo 46,975,000, jonali itaidebiti 47,425,000. Itabaki 450,000 kamili upande wa debiti. Ikibaki kiasi kingine chochote, kuna kosa jipya ulilolifanya wakati wa kuingiza, na siyo lile la zamani.

Msimikaji Arusha — 15 Januari, saa 8:35 mchana

Tarehe je? Mimi ningeziandika zote 31 Desemba, na tarehe ya asili niiweke kwenye `Due Date` au kwenye maelezo. Ukiziandika Agosti, mizania ya programu ya Agosti itaonesha wadaiwa wasio na kitu kingine chochote pembeni yao.

Bi Leja — 15 Januari, saa 8:52 mchana

Nani ataifungua mizania ya Agosti 2023 kwenye programu iliyoanza 2024? Mizania hiyo iko kwenye daftari. Umri wa deni utafunguliwa kila wiki. Mimi ninaandika tarehe ya asili, kisha ninafunga vitabu kwa `Closing Date` ya 31 Desemba 2023 yenye nenosiri, asiingie mtu tena nyuma.

Msimikaji Arusha — 15 Januari, saa 9:01 alasiri

Mkaguzi wangu wa mwaka juzi aliifungua, na aliniuliza maswali kwa nusu siku.

Karani wa Msamvu — 16 Januari, saa 5:18 asubuhi

Nimezifuta 11, saruji imerudi kwenye idadi ya stoo, na mauzo ya Januari sasa yanalingana na ripoti za Z. Ankara 37 zimeingia kwa tarehe na namba zake za asili, na `Opening Balance Equity` inasoma 450,000. Nimepata pia malipo ya 225,000 ya Oktoba ambayo sielewi yaliandikwa upande gani, kwa sababu wino umefifia. Mzee Daftari, nikikutumia picha ya ukurasa huo unaweza kunisaidia kuusoma?

Mzee Daftari — 16 Januari, saa 5:31 asubuhi

Tuma. Funika majina ya wateja kwanza, na unipigie picha ya ukurasa wa nyuma yake pia, kwani wino ule huacha alama upande wa pili.